Jibu Maswali Matatu Yoyote: Namna ya Kuyachagua na Kueleza Sababu za Uchaguzi

Mtahiniwa anayeambiwa ajibu maswali matatu yoyote kati ya matano ana michanganyiko 10 anayoweza kuchagua, na michanganyiko hiyo haimpi alama sawa hata kama maarifa aliyoingia nayo chumbani ni yaleyale. Nimesahihisha majaribio ya wanafunzi kwa muda wa kutosha kuona kwamba wengi huchagua kwa mada: wanaona neno «moyo» au «mazingira», wanakumbuka kwamba mada hiyo waliipenda, kisha wanaanza kuandika. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo ni kuchagua kwa kukadiria alama, na unaonyesha jinsi ya kuandika sababu za uchaguzi kwa namna inayoweza kukaguliwa baadaye. Mfano nitakaoutumia ni karatasi ya biolojia ya saa 2 yenye maswali matano, kila swali likiwa na alama 20, lakini utaratibu ni uleule katika somo lolote lenye maswali ya kueleza.

Kabla ya kusoma maswali

Soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza mara mbili, kwa sababu neno «yoyote» si mara zote lina maana ya yoyote kabisa. Karatasi nyingine husema swali la kwanza ni la lazima na mawili yachaguliwe katika yaliyobaki. Nyingine hugawa maswali katika sehemu A na B na kutaka angalau swali moja litoke katika kila sehemu. Mtahiniwa aliyejibu matatu mazuri ya sehemu A peke yake anaweza kunyimwa alama za swali zima, na hakuna ubora wa majibu utakaomwokoa. Angalia pia kama maswali yote yana alama sawa, maana kama hayana, hesabu yote inayofuata lazima izingatie tofauti hiyo.

Kisha gawa muda. Katika saa 2, yaani dakika 120, natenga dakika 10 za kuchagua, dakika 35 kwa kila swali, na dakika 5 za kupitia majibu. Dakika 35 kwa alama 20 ni dakika 1 na robo tatu kwa kila alama moja, na ni vyema kulikariri kadirio hilo kwa sababu litaamua mambo kadhaa mbele. Kama kuna muda wa kusoma kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, uchaguzi ufanyike humo na dakika 10 zile zirudi kwenye uandishi.

Soma maswali yote hadi mwisho wa karatasi kabla ya kuandika chochote, na geuza ukurasa wa mwisho. Nasema hivi kwa sababu nikiwa mwanafunzi niliwahi kujibu matatu kati ya manne niliyoyaona, nikatoka nje na kusikia wenzangu wakizungumzia swali la tano lililokuwa nyuma ya karatasi, nalo lilikuwa juu ya mada niliyoijua kuliko zote.

Anza na kipengele chenye alama nyingi

Maswali mengi yana vipengele (a), (b) na (c), na kwa kawaida kipengele (a) ndicho chepesi na ndicho chenye alama chache. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu akisoma «Fafanua maana ya osmosisi (alama 2)» anajisikia mwenyeji wa swali, ilhali alama 12 za swali hilohilo ziko kwenye kipengele (c) kinachomtaka abuni jaribio. Kwa hiyo unaporudi mara ya pili kwenye maswali, soma kila swali kwa kinyume: anza na kipengele chenye alama nyingi, kisha panda juu.

Kwa kila kipengele kikubwa, andika kwenye ukurasa wa rasimu hoja unazozikumbuka, kwa neno moja au mawili kila hoja, ndani ya dakika 1. Usijiulize kama mada unaijua. Jiulize ni hoja ngapi zimetoka kwenye kalamu. Mtu anaweza kuhisi kwamba anaifahamu mada vizuri sana na asiweze kuandika zaidi ya hoja tatu, kwa sababu kuitambua mada unapoiona na kuikumbuka bila msaada ni mambo mawili tofauti.

Baada ya hapo tazama kitenzi cha swali. «Taja» kwa kawaida hutoa alama kwa kila jambo lililotajwa. «Eleza» hutaka jambo pamoja na sababu au namna linavyotokea, kwa hiyo jambo lililotajwa tu bila sababu hupata nusu ya alama au chini yake. «Linganisha» hutaka pande zote mbili katika hoja moja, na mtu anayeujua upande mmoja tu ana nusu ya hoja hata akiandika kurasa mbili. «Tathmini» na «Jadili» hutaka uamuzi unaojengwa juu ya ushahidi, na orodha ndefu ya mambo ya kweli haifikii alama za juu. Kwa sababu hiyo, hoja 7 chini ya «Taja» na hoja 7 chini ya «Jadili» haziwezi kukadiriwa sawa.

Karatasi moja, tangu kusoma hadi kuchagua

Katika jaribio nililotunga kwa ajili ya zoezi hili, swali la 1 lilihusu osmosisi: maana yake (alama 2), jinsi vinyweleo vya mizizi vinavyofyonza maji (alama 6), na kubuni jaribio la kuchunguza jinsi ukolezi wa mmumunyo wa sukari unavyoathiri uzito wa vipande vya kiazi (alama 12). Swali la 2 lilihusu moyo: kuchora na kuandika majina ya sehemu (alama 6), kueleza njia ya damu kutoka vena kuu hadi aota (alama 6), na kutathmini kauli isemayo kwamba ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu upande wa kushoto husukuma damu nyingi zaidi (alama 8). Swali la 3 lilikuwa la urithi: istilahi (alama 4), kuonyesha kwa mchoro uzao wa njegere wawili warefu wenye aleli Tt (alama 8), na kueleza jinsi ya kugundua kama njegere mrefu ni TT au Tt (alama 8). Swali la 4 lilikuwa sentensi moja tu: «Jadili athari za shughuli za binadamu kwa mfumo ikolojia» (alama 20). Swali la 5 lilihusu vimeng'enya: sifa zake (alama 4), athari za joto na pH (alama 8), na kulinganisha nadharia ya kufuli na ufunguo na ile inayosema kwamba kimeng'enya hubadili umbo kidogo kinapokutana na kitu kinachofanyiwa kazi (alama 8).

Mwanafunzi mmoja aliposoma mara ya kwanza alisema bila kusita: «Mwalimu, nachukua la 2, la 3 na la 4. Moyo naupenda, na la mazingira halina ugumu.» Nilimwomba aandike hoja kwanza.

Kwenye swali la 1(c) aliandika: vipande vya urefu sawa, kiazi kimoja, pima uzito mwanzo, mimumunyo mitano tofauti, ujazo sawa, muda sawa, futa maji kabla ya kupima tena, asilimia ya badiliko, grafu. Ni hoja 9. Hakukumbuka kurudia jaribio mara kadhaa na kupata wastani, hakutaja joto sawa, wala hakusema kwamba mahali mstari wa grafu unapokata sifuri ndipo ukolezi wa nje unapolingana na wa ndani ya seli. Alijikadiria 8 kati ya 12, akaongeza 4 za (b) na 2 za (a), jumla 14.

Swali la 2 ndilo lililomshangaza. Mchoro aliujua wote, 6. Njia ya damu, 5. Alipofika kwenye kauli ya kipengele (c) aliandika «kweli, kushoto ni mnene» na kusimama hapo. Kauli ile imejengwa ili imnase mtu wa aina yake hasa, kwa maana sehemu yake ya kwanza ni sahihi na sababu yake si sahihi. Ventrikali zote mbili husukuma kiasi kilekile cha damu katika kila pigo, la sivyo damu ingejaa upande mmoja. Ukuta wa kushoto ni mnene kwa sababu damu yake inahitaji mgandamizo mkubwa ili izunguke mwili mzima, wakati ya kulia inaishia kwenye mapafu yaliyo karibu. Aliyekubali kauli yote hupata alama mbili hivi za unene, basi. Jumla yake ikawa 13.

Swali la 3 alipata hoja kwa urahisi: mchoro wa uzao na uwiano wa 3 kwa 1, kisha kumzalisha njegere mrefu na mfupi tt, na kwamba mmoja akitokea mfupi basi mzazi ni Tt. Alisahau kusema kwamba watoto wakiwa wachache, kutopata mfupi hakuthibitishi kuwa mzazi ni TT. Alijikadiria 3, 8 na 6, jumla 17.

Kwenye swali la 4 aliandika mambo saba haraka sana: ukataji miti, moshi, taka, uvuvi, mbolea, uwindaji, majengo. Nilimuuliza ni lipi kati ya hayo anaweza kulifuata hatua kwa hatua hadi kwenye athari, kwa mfano mbolea kuingia ziwani, mwani kuongezeka, mwanga kuzuiwa, mimea ya chini kufa, bakteria wanaoiozesha kutumia oksijeni, na samaki kufa. Alikiri kwamba angeweza moja, labda mawili. Swali lisilo na vipengele huonekana jepesi kwa sababu halikuulizi chochote mahususi, na kwa uzoefu wangu ndilo linalokadiriwa kupita kiasi mara nyingi zaidi. Tulikubaliana 9.

Swali la 5 lilimpa 4 na 7, ila kwenye kulinganisha alijua nadharia ya kufuli na ufunguo peke yake, hivyo 3. Jumla 14.

Uchaguzi wake wa kwanza, yaani la 2, la 3 na la 4, ulikuwa na makadirio ya 13, 17 na 9, jumla 39 kati ya 60. Uchaguzi wa 1, 3 na 5 ulikuwa 14, 17 na 14, jumla 45. Ni tofauti ya alama 6 kwa mtu yuleyule mwenye kichwa kilekile.

Makadirio yanapokaribiana

Ni lazima kukiri kwamba makadirio ya aina hii hayana usahihi wa alama moja. Swali la 2 lenye 13 na la 5 lenye 14 yako sawa kwa vitendo, na kuyatofautisha kwa alama moja ni kujidanganya. Hapo ndipo muda unapoamua. Alama 6 za mchoro wa moyo zinastahili dakika 10 na nusu kwa kadirio letu la dakika 1 na robo tatu kwa alama, lakini mwanafunzi huyu alichora polepole, akifuta na kurudia, na mchoro ulimchukua robo saa. Dakika zile nne na nusu zingetoka kwenye kipengele kingine. Kwa mchoraji mwepesi uamuzi ungegeuka, na hiyo ni sababu nzuri ya kutonakili uchaguzi wa jirani.

Kigezo cha pili ni kama alama zako zimejikusanya au zimetawanyika. Napendelea swali lenye kipengele kimoja dhaifu na vingine imara kuliko swali ambalo kila kipengele nakijua nusunusu, kwa sababu kwenye la kwanza najua mahali pa kuandika kwa kujiamini na mahali pa kuandika mistari michache na kuondoka.

Kuandika sababu za uchaguzi

Katika mazoezi nawataka wanafunzi waandike sababu za uchaguzi wao kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuanza kujibu. Katika mtihani wenyewe hakuna anayeziomba, na zikiandikwa kwenye kijitabu cha majibu hazina alama, kwa hiyo huko zibaki kichwani. Faida yake iko nyumbani: sababu iliyoandikwa inaweza kulinganishwa na alama zilizopatikana.

Sababu dhaifu husema: «Nimechagua swali la 5 kwa sababu nalielewa na ni rahisi.» Haiwezekani kuikagua sentensi hiyo, kwa kuwa haisemi ni nini kinachoeleweka. Sababu inayofaa ina mambo matatu: unachoweza kukitoa kwenye kipengele kikubwa, unachojua kwamba hutakitoa, na swali uliloliacha likilinganishwa nalo. Mwanafunzi wetu hatimaye aliandika hivi:

«Nimechagua swali la 5 badala ya la 2. Katika 5(b) ninazo hoja nne zenye sababu zake kuhusu joto na pH, ikiwemo kwamba kimeng'enya huharibika umbo joto likizidi. Katika 5(c) najua nadharia moja tu, kwa hiyo sitarajii zaidi ya alama 3. Swali la 2 lina alama karibu sawa, lakini mchoro wangu huchukua dakika 15 na kauli ya 2(c) sikuweza kuitolea sababu. Nakadiria 14.»

Angalia kwamba ametaja udhaifu wake mwenyewe. Maelezo yasiyotaja kinachokosekana huwa ni ya kujipa moyo, na mtu anayeyaandika hivyo kila mara hukadiria juu.

Aliposahihishiwa alipata 11 kwenye swali la 1, 17 kwenye la 3 na 15 kwenye la 5, jumla 43. Tulirudi kwenye swali la 1 na kuona zilikopotelea: alitaja «muda sawa» na «ujazo sawa» bila kusema ni kiasi gani, na msahihishaji wa jaribio la kubuni hutaka kuona kiasi, kama dakika 30 au mililita 50. Sasa anajua kwamba katika maswali ya kubuni jaribio anapaswa kupunguza alama tatu hivi kwenye kadirio lake, au, bora zaidi, kuandika kiasi. Baada ya majaribio matano au sita, daftari la makadirio na matokeo huonyesha mwelekeo wa mtu waziwazi: mmoja hujipunja kwenye hesabu, mwingine hujizidishia kila anapoona «Jadili».

Mpangilio wa kujibu na kubadili uamuzi

Wengi hushauri kuanza na swali bora na kumalizia na dhaifu. Nakubali nusu ya kwanza tu. Swali la mwisho huandikwa kwa uchovu na mara nyingi kwa dakika pungufu, na swali dhaifu ndilo linalohitaji kufikiri zaidi. Kwa hiyo naliweka katikati, na mwisho naweka lile ambalo hoja zake zimekwisha kuandikwa kwenye rasimu na linaweza kuandikwa haraka. Kwa mwanafunzi wetu ulikuwa mpangilio wa 3, 1, 5.

Dakika 35 zikiisha, acha nafasi na uhamie swali linalofuata, hata kama sentensi ni nzuri. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama za mwisho za swali lililokwisha kuandikwa. Dakika 10 zinazoweza kuinua jibu kutoka 16 hadi 17 zinaweza kuleta alama 5 au 6 kwenye swali ambalo halijaguswa. Wanaopata 18, 17 na 3 kwa kawaida hawakukosa maarifa ya swali la tatu, walikosa dakika.

Ukigundua katikati kwamba umechagua vibaya, tazama saa kabla ya kutazama swali jingine. Ndani ya dakika 5 za kwanza kubadili kuna maana, kwa sababu bado una dakika 30 za swali jipya. Baada ya dakika 15 umebaki na 20, ambazo kwa kadirio letu zinatosha alama 11 hivi hata kama swali jipya unalijua lote, na unaacha alama ulizokwisha kupata. Kwa hiyo badili tu kama ulichoandika hakifiki alama 3 na rasimu ya swali jingine tayari ina hoja za kujaza dakika hizo.

Jibu ulilolitelekeza likate kwa mstari mmoja ulionyooka, na kwenye jalada andika namba za maswali matatu unayotaka yasahihishwe. Kanuni za wasahihishaji hutofautiana: kuna wanaosahihisha majibu yote na kuchukua matatu bora, na kuna wanaosahihisha matatu ya kwanza kwa mpangilio yalivyoandikwa na kuacha la nne bila kulisoma. Chini ya kanuni hii ya pili, nusu ukurasa uliotelekezwa mwanzoni bila kukatwa huhesabiwa kuwa swali lako la kwanza, na jibu zuri lililo mwishoni ndilo linaloachwa.